Maji ya Angkor hayakuwa pambo

Kila anayeandika kuhusu Angkor, mji mkuu wa kale wa ufalme wa Wakhmer, huanza na ile minara mitano ya hekalu la Angkor Wat, jua linachomoza nyuma yake na kivuli chake kimelala kwenye maji. Baada ya hapo ni wafalme, miungu, na mizizi ya miti iliyokumbatia kuta. Maji yenyewe yakitajwa, hutajwa kwa sentensi moja, na sentensi hiyo huwa moja kati ya mbili. Ama mabwawa makubwa ya Angkor yaliwapa Wakhmer mavuno matatu au manne kwa mwaka, ama yalikuwa madimbwi ya ibada tu, bahari ya kuchora kuuzunguka mlima wa miungu. Zote mbili zinaniudhi. Mkulima yeyote aliyeona mvua ikikatika ghafla wakati mpunga wake umeshika mimba angeliangalia bwawa lile na kuelewa kazi yake mara moja.

Tuanze na ardhi. Angkor iko kaskazini mwa ziwa Tonle Sap, Kambodia, na kaskazini yake zaidi kuna vilima vya Kulen. Kati ya vilima na ziwa ni uwanda unaoshuka polepole kuelekea kusini-magharibi, karibu mita moja tu kwa kila kilomita. Kwa macho ni tambarare kabisa, ila maji hayadanganyiki. Mvua za monsuni huanza Mei na kuisha Oktoba, zikileta karibu milimita 1,400 au 1,500, kisha miezi sita ni ukavu. Na hata ndani ya msimu wa mvua, mara nyingi Julai au Agosti, kuna majuma ambayo mbingu hufunga. Hayo majuma myashike akilini, kwa sababu hoja yangu yote imeegemea hapo.

Bwawa kubwa la Wakhmer huitwa barai, na watu wengi hudhani ni shimo. Halikuwa shimo. Lingechimbwa kwenda chini, maji yangekaa chini ya mashamba na kila tone lingehitaji kunyanyuliwa kwa mkono. Walichofanya ni kuinua matuta manne juu ya ardhi ya kawaida na kuyafungia maji katikati. Udongo ulitolewa kwenye ukanda ulio kando ya tuta, kwa hiyo sakafu ya bwawa ilibaki karibu na usawa wa uwanda wa nje. Matokeo yake ni kwamba maji yalisimama juu kuliko mashamba, na karibu yote yangeweza kutoka kwa kuteremka yenyewe bila pampu wala ndoo.

Barai ya Magharibi, iliyojengwa karne ya 11, ina urefu wa kilomita 8 na upana wa kilomita 2.1. Matuta yake yana kimo cha karibu mita 10 na kitako cha mita 100 hivi. Upana huo una sababu. Udongo wa pale una mchanga mwingi, na maji yakisukuma tuta jembamba la mchanga hupenya, hutokea upande wa pili yakiwa yamebeba chembe, na mwisho hutoboa tundu. Dawa ya mtu asiye na saruji ni kuirefusha njia ya kupenya hadi maji yapoteze nguvu njiani. Tuta la kusini lilipita juu ya makazi ya zamani, likafukia sehemu ya hekalu la Ak Yum lililokuwapo karne kadhaa kabla yake. Mfalme anayelifukia hekalu ili kunyoosha tuta alikuwa na jambo zito kichwani, na simwamini anayesema jambo hilo lilikuwa mapambo.

Kazi hii haikuanza na yeye. Indravarman wa Kwanza alipotawazwa mwaka 877 aliahidi, kwa maandishi ya kwenye jiwe, kuanza kuchimba ndani ya siku tano, akatoa Indratataka, barai ya karibu kilomita 3.8 kwa mita 800. Mwanawe Yashovarman alijenga Barai ya Mashariki, kilomita 7.5 kwa 1.8. Hiyo haikuweza kujazwa na mvua inayoangukia juu yake peke yake, ikabidi mto uletwe. Maji ya Kulen kwa asili yalikuwa yanaelekea kusini-magharibi. Wakhmer waliyakinga kaskazini ya mji, wakakata mfereji kuyashusha kusini hadi pembe ya kaskazini-mashariki ya barai, pembe iliyo juu kuliko zote. Maji yanaingia kwa pembe ya juu, yanatulia, yanaangusha tope lake, kisha yanaongozwa kuelekea kusini na magharibi, kwenye mashamba na ziwani. Mto Siem Reap wanaoupiga picha watalii leo, kwa sehemu kubwa ya mkondo wake hapo Angkor, ni kazi ya majembe.

Sasa ule ubishi. Mfaransa Bernard-Philippe Groslier ndiye aliyeuita Angkor mji wa maji, akiamini barai zilinywesha mashamba na kwamba ufalme ulisimama juu ya mavuno hayo. Mwaka 1980 W. J. van Liere, mtaalamu wa maji, akajibu: milango ya kutolea maji iko wapi? Mifereji ya kugawa maji shambani iko wapi? Nakiri, kwa shingo upande, kwamba wakati ule swali lake lilikuwa halali. Lakini tangu miaka ya 1990 Christophe Pottier, Damian Evans, Roland Fletcher na wenzao wamepima eneo lile kwa miguu, kwa rada na kwa leza ya kutoka angani. Ramani waliyotoa mwaka 2007 inaonyesha mtandao wa karibu kilomita za mraba 1,000, wenye mifereji, matuta, vidimbwi vya kaya na mabaki ya majaruba yaliyopangwa kufuata mistari hiyohiyo. Kwenye tuta la mashariki la Barai ya Mashariki, mahali panapoitwa Krol Romeas, kuna mfereji uliojengwa kwa mawe ya laterati. Mawe ya namna hiyo hayapangwi kwa ajili ya dimbwi lisilotoa maji.

Haya, tupige hesabu. Ni yangu, na makadirio nayaweka wazi. Barai ya Magharibi ina hekta 1,680. Ikijaa kwa wastani wa mita 3 inashika mita za ujazo milioni 50. Tuseme tunataka kulima kiangazi kizima. Jua likinyonya milimita 5 kwa siku kwa miezi sita, karibu mita moja ya kina imepotea, yaani milioni 15. Zinabaki milioni 35. Mpunga unaotegemea bwawa tu kwenye udongo huo wa mchanga tuupe mita za ujazo 15,000 kwa hekta. Tunapata hekta 2,300, kabla ya kuhesabu yanayopotea mferejini. Kwa mji ambao watafiti wanaukadiria ulifikia watu 700,000 hadi 900,000, hilo ni shamba dogo. Kwa hiyo wanaosema barai ilileta mavuno manne, hesabu inawakataa.

Lakini badilisheni swali. Ni Agosti, mvua imefunga, mpunga umeshika mimba na majaruba yanaanza kupasuka. Hapo shamba halihitaji mita moja na nusu ya maji. Linahitaji sentimita 15 za kulivusha hadi mvua irudi, sawa na mita za ujazo 1,500 kwa hekta. Barai iliyojaa nusu tu ikitoa milioni 20 inaokoa zaidi ya hekta 13,000, na Septemba na Oktoba zinaijaza tena. Bwawa lilelile, maji yaleyale, eneo mara tano na zaidi! Hiyo ndiyo kazi ninayoiona: kuzuia mwaka mbaya usiwe mwaka wa njaa. Van Liere na Groslier walikuwa wanabishania msimu wa kiangazi, wakati jibu liko katikati ya masika.

Na yale mavuno matatu au manne? Yanatoka kwa Zhou Daguan, mjumbe wa Kichina aliyekaa Angkor mwaka 1296 na 1297. Tonle Sap hupanuka kutoka karibu kilomita za mraba 2,500 hadi 15,000 mto Mekong unapofurika, kisha hurudi. Kuna mpunga unaorefuka kadiri maji yanavyopanda, kuna unaopandwa maji yanapokimbia, na kuna wa mvua huku juu. Anayetembea nchi nzima ataona watu wakivuna miezi tofauti. Sidhani aliona jaruba moja likivunwa mara nne.

Ibada ilikuwapo, sibishi. Katikati ya barai kuna mahekalu. Basi.

Kazi ya pili ya mtandao huu, ambayo husahaulika zaidi, ilikuwa kuondoa maji. Hapa Wakhmer walishindwa vibaya wakati mmoja, na kisa chenyewe kinafundisha kuliko mafanikio yao. Jayavarman wa Nne aliuhamishia mji mkuu Koh Ker mwaka 928, kaskazini-mashariki mwa Angkor, akajenga tuta la kilomita 7 kuukinga mto wa bonde lile. Waliolichunguza kwa kupima mkondo wamegundua kwamba utoro, ile njia ya mawe ya kutolea maji ya ziada, ulikuwa mdogo mno kwa mafuriko ya kawaida ya monsuni. Tuta la udongo likifurikiwa juu halina pa kujitetea. Maji yanayomwagika yanakwangua mgongo wake wa nyuma, yanakata mfereji, na mfereji unajipanua wenyewe. Inaelekea lilipasuka msimu wa mvua wa kwanza au karibu na hapo. Mwaka 944 mji mkuu ulikuwa umesharudi Angkor.

Angkor yenyewe iliumia taratibu zaidi. Pete za miti ya kale ya nyanda za juu za kusini mwa Vietnam zinaonyesha miongo ya ukame katika karne ya 14 na mwanzo wa karne ya 15, na katikati yake monsuni za nguvu isiyo ya kawaida. Mtandao uliopunguzwa na kukatwa viraka wakati wa ukame ukapokea mafuriko. Ushahidi uko kwenye mifereji ya kusini. Maji yanayotembea polepole huacha tope laini. Huko kumekutwa mchanga wenye chembe kubwa, ambao huburutwa tu na maji yanayokimbia kwa hasira. Mfereji uliojaa mchanga haupeleki maji, yanatafuta mwingine, nao unazidiwa.

Mfereji wa Siem Reap uliharibika kwa namna ya pili: ulijila chini. Uliwekwa ushuke moja kwa moja, bila kona za kuupunguza kasi, kwenye udongo laini. Mkondo wa namna hiyo huchimba sakafu yake kila msimu, na siku inapokuwa chini ya banio, pale maji ya mto yanapoingizwa mferejini, banio halipati kitu hata mto ukiwa umejaa. Nendeni Spean Thma, karibu na hekalu la Ta Keo. Ni daraja lililojengwa kwa mawe yaliyong'olewa kwenye majengo ya zamani. Matao yake yamezibwa na mchanga, na mto umelikwepa, unapita pembeni, mita kadhaa chini ya sakafu ya daraja.

Barai ya Magharibi bado ina maji. Theluthi ya mashariki imejaa tope na watu wanalima mpunga ndani yake, lakini miaka ya 1950 tuta la kusini liliwekewa lango jipya, na kutoka hapo maji yanateremka yenyewe hadi majarubani, kwa mteremko uleule wa mita moja kwa kilomita.