Megawati Zilizozidi Tororo Si Wizi

Juzi picha imezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: skrini ya chumba cha udhibiti, laini ya Tororo kwenda Lessos, umeme unaovuka kwenda Kenya umepita ratiba, yaani kiasi tulichokubaliana kuuza. Chini yake mtu ameandika kwa herufi kubwa kwamba Wakenya wanatuibia. Sawa, hasira za mtandaoni tumezizoea. Kilichonichoma ni jibu la fundi, tena fundi wa umeme kabisa, aliyeandika: "Dawa ni kupunguza mashine upande wetu mpaka laini irudi kwenye ratiba." Watu wakampigia makofi. Ndugu yangu, dawa hiyo ndiyo ugonjwa.

Kwanza, ile picha haikuonyesha masafa, yaani kasi ya mapigo ya umeme, ambayo yanapaswa kuwa hezi 50. Kuhukumu laini ya mpakani bila kutazama masafa ni kusikiliza mlalamikaji na kumfukuza shahidi.

Acha tupige hesabu. Namba hizi ni zangu, nimezichagua zigawanyike vizuri, msiende kumsumbua mtu wa UETCL, kampuni ya kusafirisha umeme Uganda, nazo. Uganda inauza Kenya megawati 40 kwa ratiba. Masafa yakishuka hezi 1, magavana wa mashine zetu, yaani vidhibiti vinavyoongeza nguvu vyenyewe kasi ikishuka, pamoja na tabia ya mzigo wenyewe vinatoa nafuu ya megawati 200. Upande wa Kenya ni 400. Sasa mashine ya megawati 60 inatripu, inazimika ghafla, huko Kenya.

Masafa hayajui mpaka wa Malaba. Pande zote mbili zinazunguka pamoja, kwa hiyo zinashuka pamoja. Upungufu ni 60, nguvu ya kuuzuia ni 200 na 400, jumla 600 kwa hezi. Masafa yanashuka kwa hezi 0.1, yanatulia kwenye 49.9. Magavana wa Uganda wameongeza megawati 20 bila kumuuliza mtu, wa Kenya 40. Zile 20 zetu zinapita wapi? Tororo. Laini iliyokuwa 40 sasa inasoma 60, na hapo ndipo mpiga picha wetu anatoa simu.

Kompyuta ya udhibiti otomatiki haitazami 60 peke yake. Kila baada ya sekunde chache inapiga hesabu hii kwa eneo lake:

```
ACE = (T_halisi - T_ratiba) + B × (f - 50)
```

ACE ni kosa la eneo lako: ikiwa hasi unapandisha mashine, ikiwa chanya unashusha. T ni umeme unaotoka eneo lako kwenda kwa jirani, f ni masafa, na B ni ile megawati kwa hezi ya eneo lako. Kwa Uganda: 60 toa 40 ni 20. Halafu 200 mara hasi 0.1 ni hasi 20. Jumla sifuri. Yaani hatuna deni wala kosa, tukae tulivu, magavana wetu wafanye kazi waliyokwisha kuianza. Kwa Kenya umeme unaingia, kwa hiyo T ni hasi: hasi 60 toa hasi 40 ni hasi 20, ongeza 400 mara hasi 0.1, yaani hasi 40. ACE yao ni hasi 60.

Itazameni tena hiyo hasi 60. Ni sawasawa na mashine iliyotripu. Hakuna aliyepiga simu kutoka Nairobi kueleza kilichoanguka, lakini namba moja inayosomwa mpakani, ratiba yake, na moja ya masafa zimetenganisha nani amepotelewa na nani anasaidia tu. Jirani akifiwa unakwenda kubeba jeneza, lakini matanga yanabaki ya kwake. Kenya ikipandisha megawati 60 kutoka mashine zake nyingine, masafa yanarudi 50, magavana wetu wanashusha zile 20 wenyewe, na Tororo inasoma 40. Hakuna aliyepunguza kitu kwa hasira.

Sasa tumpe fundi wetu usukani. Anataka 40 na hataki kusikia habari za masafa. Anapunguza 20. Masafa yanashuka zaidi, magavana wetu wanaongeza tena, laini bado iko juu ya 46. Anapunguza tena. Hawezi kufika 40 mpaka awe ameondoa 30, na wakati huo masafa ni 49.85. Hiyo ndiyo hali ambayo Kenya ingekuwa nayo kama tungeipa zile 40 za ratiba tu, bila msaada wowote wa magavana wetu: 60 gawa kwa 400. Tofauti ni kwamba sisi pia tumebaki na umeme wa 49.85, kwa sababu bado tumeunganishwa. Hongera sana. Tumeadhibu jirani na viwanda vya Jinja kwa mkono mmoja.

Wapo wa upande wa pili pia, wanaotaka Uganda itazame masafa tu na kuyarudisha 50 yenyewe. Hao wangepandisha 60 zote hapa kwetu na kupitisha 100 Tororo. Sina muda nao leo.

Nitakubali jambo moja, shingo upande. Ikiwa Kenya haina akiba ya kupandisha, ACE yao inabaki hasi na zile 20 zetu zinaendelea kuvuka. Saa nzima ya hivyo ni megawati-saa 20 za maji ya Nile, na lazima zihesabiwe, zilipwe au zirudishwe. Hasira hiyo ni halali. Lakini ni kazi ya watu wa mita na ankara, baada ya tukio, wala si ya kushusha mashine Bujagali masafa yakiwa yanaanguka. Na hatari haiishi: tangu 2022 Kenya inapokea umeme wa Ethiopia kwa laini ya mkondo mnyoofu hadi Suswa. Laini hiyo ikitripu, Kenya inapoteza kipande kikubwa kwa mara moja.

Kama mnataka kugombana na mtu, gombaneni kuhusu B. Hapo ndipo uchafu unapojificha. Mtu akiandika 100 kwenye kompyuta huku magavana wanatoa 200, tukio lilelile linatupa ACE ya 20 toa 10, chanya 10. Mashine zinaamriwa kushuka ilhali kosa si letu. Yaani fundi wetu tena, safari hii amefichwa ndani ya programu. Utamjua kwa rekodi: ikiwa kila mara kitu kikianguka nje ya eneo letu ACE yetu inaruka chanya masafa yakishuka, B ni ndogo.

Na B haikai mahali pamoja. Mashine ya Karuma au Nalubaale iliyofunguliwa mpaka mwisho haina cha kuongeza, hata gavana wake akiwa mzima. Usiku wa namna hiyo zile 200 zinaweza kuwa 120. Masafa yanashuka hadi kama 49.885, tunapitisha karibu 14 tu za ziada, na kompyuta yenye B ya 200 inasoma takriban hasi 9, inaagiza tupandishe. Tutakuwa tumesaidia kupita kiasi kwa dakika chache, halafu tutarudisha masafa yakipanda. Kati ya makosa hayo mawili, mimi nachukua B kubwa kidogo, na ningependa kumsikia fundi wa juzi akinieleza kwa namba kwa nini yeye angechukua ile ndogo.