Kanuni ya kuku na ng'ombe inawaharibu watoto wetu

Kwenye kundi letu la wazazi limezungushwa karatasi la marudio ya hisabati kwa darasa la saba. Katikati ya ukurasa, ndani ya kisanduku, pameandikwa: "Ukiona vichwa na miguu, zidisha vichwa kwa 2, toa kwenye miguu, gawa kwa 2, hao ndio ng'ombe." Basi. Hakuna hata mstari mmoja wa kueleza kwa nini. Chini yake yamepangwa maswali kumi ya aina hiyohiyo, na wazazi wenzangu wakamiminika kushukuru. Mimi nimekasirika, na ningependa nieleze hasira yangu inatoka wapi.

Chukueni swali la kawaida. Zizini kuna kuku na ng'ombe. Vichwa ni 50, miguu ni 136. Ng'ombe ni wangapi?

Mtoto wa kanuni anazidisha 50 kwa 2 anapata 100, anatoa kwenye 136 anapata 36, anagawa kwa 2 anapata 18. Jibu ni sahihi. Sasa muulize ile 100 ni 100 ya nini. Nimewauliza watoto wawili wa ukoo wetu, wote wanafanya vizuri darasani, na wote walinitazama tu.

Mlinganyo mmoja mfupi unalijibu swali hilo wenyewe. Tuseme idadi ya ng'ombe ni n. Wanyama wote ni 50, kwa hiyo waliobaki, yaani kuku, ni 50 − n. Hapo ndipo penye akili yote ya swali hili: hatuhitaji herufi ya pili, maana ukishajua ng'ombe, kuku umeshawajua. Kila ng'ombe ana miguu 4 na kila kuku ana 2, basi:

4n + 2(50 − n) = 136

Fungua mabano: 4n + 100 − 2n = 136. Kusanya: 2n + 100 = 136. Toa 100 kila upande: 2n = 36. Kwa hiyo n = 18. Ng'ombe 18, kuku 32.

Utazameni ule mstari wa 2n + 100 = 136. Ile 100 ni miguu ambayo ingekuwepo kama wanyama wote 50 wangekuwa kuku. Ile 36 ni miguu iliyozidi. Na 2n inatuambia imezidi kwa sababu gani: kila ng'ombe anakuja na miguu miwili zaidi ya kuku. Kanuni ya kwenye kisanduku ni mistari hii hii, ila imenyofolewa maana yote, mtoto akaachiwa vitendo vitatu vya kukariri.

Ubaya wake unaonekana ukibadilisha swali kidogo tu. Kituoni kuna bajaji na magari madogo, jumla 20, na magurudumu yote ni 68. Magari ni mangapi? Mtoto wa kanuni anakwenda mbio: 40, kisha 28, kisha 14. Anaandika magari 14 na anahamia swali linalofuata. Hana namna ya kujua kwamba amekosea, kwa sababu jibu limetoka namba nzima na linaonekana la kawaida kabisa. Lakini magari 14 na bajaji 6 yana magurudumu 56 na 18, jumla 74. Mtoto wa mlinganyo anajua kwamba ile 2 ilikuwa miguu ya kuku, na bajaji ina magurudumu 3, kwa hiyo anaandika 4n + 3(20 − n) = 68. Akifungua mabano anapata n + 60 = 68, magari 8, bajaji 12. Hakujifunza kitu kipya. Amefanya kilekile alichofanya zizini.

Nakubali kwamba mlinganyo nao una mitego yake, na mkubwa uko kwenye mabano. Watoto wengi huandika 2(50 − n) kuwa 100 − n. Ile 2 inazidisha 50 halafu inasahau n. Kwenye swali letu la kwanza kosa hilo linatoa 3n = 36, yaani ng'ombe 12. Namba nzima tena, safi kabisa! Ndiyo maana nawasihi walimu wasikubali jibu lisilohakikiwa. Ng'ombe 12 wana miguu 48, kuku 38 wana miguu 76, jumla 124. Swali lilisema 136. Mtoto anarudi kwenye mabano mwenyewe, bila kusubiri kalamu nyekundu.

Mtego mwingine ni kuanza na kuku. Ukisema kuku ni k, unapata 2k + 4(50 − k) = 136, na baada ya kukusanya inabaki 200 − 2k = 136. Ni sahihi, jibu ni 32, lakini alama ya kutoa imeingia na huwavuruga wanaoanza. Waambieni herufi wampe mnyama mwenye miguu mingi. Na waandike kwamba n ni idadi ya ng'ombe. Wakiandika tu "n = ng'ombe", 4n wanaisoma kama ng'ombe wanne, na hapo kila kitu kinaharibika.

Wapo watakaosema njia ya mkato si dhambi. Sawa. Kitabu cha kale cha Kichina kiitwacho Sunzi Suanjing kina swali la namna hii, la ndege na sungura walio pamoja: vichwa 35, miguu 94. Kinagawa miguu kwa 2, inakuwa 47, kinatoa vichwa 35, sungura 12 na ndege 23. Ni mkato mzuri sana, na sababu yake inaelezeka kwa mtoto: ukigawa miguu nusu kwa nusu, kila ndege amebakiwa na mguu mmoja na kila sungura miwili, kwa hiyo kinachozidi vichwa ni sungura. Mkato wa namna hiyo siupingi. Napinga mkato unaofundishwa bila sababu.

Wanaotaka milinganyo miwili yenye herufi mbili nao wako sahihi, lakini wasubiri sekondari.

Na kuna jambo jingine kuhusu lile karatasi. Swali la saba linasema vichwa 30 na miguu 130. Wanyama 30, hata wote wakiwa ng'ombe, hawawezi kuwa na miguu zaidi ya 120. Mwandishi hakulifanya swali lake mwenyewe. Mtoto wa kanuni atatoa 60, atabaki na 70, ataandika ng'ombe 35, na akisahihishwa kwa kanuni ileile atapewa vema. Mtoto aliyeandika 30 − n atakapotafuta kuku atapata −5, atasimama, na atainua mkono. Nimemwandikia aliyelileta karatasi kundini alifute swali hilo kabla watoto hawajalifikia. Bado nasubiri anijibu.