HL si safari njema

Jirani yangu anauza vitenge na mapazia Kariakoo na huwa anafuata mzigo Dubai. Juzi alirusha kwenye grupu la mtaa skrinishoti ya safari aliyotumiwa na wakala wake wa tiketi. Dakika tano hazijapita, grupu limejaa "safari njema mama", "utuletee zawadi", na mikono ya dua kama yote. Hakuna hata mmoja aliyeisoma. Mistari yenyewe ni hii, jina la shirika nimelificha kwa XX:

```
1  XX 702 Q 14AUG 5 DARDXB HK1  1645 2320
2  XX 701 Q 28AUG 5 DXBDAR HL1  0900 1335
```

(Juu yake pameandikwa jina la ukoo na ile namba ya bukingi, mchanganyiko wa herufi na tarakimu, jumla sita. Hivyo viwili ndivyo mashirika mengi yanavyoomba kwenye tovuti ili mtu afungue safari na kuibadilisha. Nilimwambia aifute picha.)

Angalia herufi zilizo kabla ya saa za ndege. HK1 maana yake kiti kimoja kimethibitishwa. HL1 maana yake mtu mmoja yuko kwenye orodha ya kusubiri. Kwa hiyo mama ana kiti cha kwenda na hana cha kurudi. Atafika Dubai, atanunua mzigo, halafu asubiri huruma ya kompyuta huku siku za viza zikiyoyoma. Nilipompigia wakala, akanijibu kwa sauti ya kubembeleza: "Kaka, ndege imejaa, lakini usijali, huwa inafunguka."

Ndege imejaa! Hapo ndipo damu iliponichemka. Ile Q iliyo baada ya namba ya ndege ni daraja la nauli. Viti vya daraja la kawaida vinafanana vyote, ila shirika huvigawa kwenye mafungu ya bei, kila fungu na herufi yake. Y kwa kawaida ndiyo nauli kamili. Zilizobaki kila shirika hupanga linavyotaka. Fungu la Q likiisha, Q inafungwa, hata kama nusu ya ndege iko tupu. Na orodha ya kusubiri ni ya fungu, si ya ndege. Nikambana anisomee nafasi za tarehe 28. Akasoma kwa shingo upande:

```
Y9 M4 K2 QL
```

Yaani Y ina viti tisa au zaidi, kwa sababu tisa ndiyo tarakimu ya juu inayoonyeshwa. M ina vinne, K viwili, na Q ni kusubiri tu. Ndege imejaa wapi hapo? Kilichojaa ni bei aliyomuahidi mteja. Siku zote hizo kiti cha K kilikuwepo kwa kuongeza tofauti ya nauli ya kurudi peke yake, lakini hakuthubutu kusema, asije akaonekana ghali kuliko wakala wa jirani.

Na hiyo "kufunguka" nayo ina mambo yake. Shirika likitoa kiti, HL hugeuka KL, na ujumbe hutua kwenye mfumo wa wakala, si kwenye simu yako. Wakala asipoufungua, akathibitisha na kutoa tiketi kabla ya muda wa mwisho, kiti kinarudi sokoni. Ukijumlisha wikiendi na wakala aliyekwenda harusini Tanga, umeumia. Wala usidhani ni foleni ya nani alitangulia. Mwenye kadi ya juu ya shirika anaweza kukupita ukiwa umesimama.

Haya, nikubali: kumweka mteja kwenye HL si wizi. Wakala mzuri hufanya hivyo makusudi, anashika kiti cha K kwanza, Q anaiwinda pembeni, na mteja anajua. Huyu wetu alisema "tiketi ishatoka". Nikamuuliza namba ya tiketi, ile ya tarakimu 13 inayoanza na tatu za shirika. Kimya. Alichokuwa nacho ni bukingi tu.

Kwenye mzigo sitakaa sana, ingawa mfanyabiashara ndipo anapoumia. Chini zaidi kwenye ile skrinishoti paliandikwa 1PC. Mama alizoea 30K, yaani kilo 30 agawanye apendavyo. 1PC ni begi moja, na kwa nauli za kawaida mara nyingi ni kilo 23. Mabegi mawili ya kilo 15 yatapita kwenye 30K, lakini kwenye 1PC la pili unalilipia, hata likiwa na kanga mbili tu.

Jioni wakala akatuma mstari mpya wa kurudi: K, HK1, 2PC. Tofauti ilikuwa dola 70. Safari hii mama hakuupeleka kwenye grupu, alinipigia kwanza, akauliza: "Hiyo HK ndiyo yenyewe?" Nikamwambia ndiyo yenyewe, sasa dai zile tarakimu 13 kabla hujatoa hela.