Barua ya Shukrani Ikishaandikwa, Itumwe?

Anayefikiria kumwandikia mtu aliyemsaidia zamani, naye bado yu hai, hukabiliwa na maswali mawili ambayo mara nyingi huyachanganya: kama aiandike barua hiyo, na kama aitume. La kwanza nalijibu kwa haraka kwamba aiandike. La pili ndilo lenye uzito, na maoni yangu ni kwamba jibu lake halipatikani kwa kujipima ujasiri. Hupatikana kwa kuifikiria nyumba ambamo barua itafunguliwa, nani ataishika kwanza, nani ataisoma kwa sauti, na itamwacha mwenyewe katika hali gani mbele ya watu anaoishi nao.

Wanasaikolojia wameyachunguza mambo haya, na matokeo yao husaidia kuyatenganisha maswali hayo mawili. Mwaka 2005 Martin Seligman na wenzake walichapisha utafiti ambamo baadhi ya washiriki walipewa wiki moja ya kuandika barua ya shukrani na kuipeleka kwa mkono kwa mtu ambaye hawakuwahi kumshukuru ipasavyo. Furaha yao ilipanda kuliko ya washiriki waliopewa mazoezi mengine, ikadumu kama mwezi mmoja, kisha ilipofika miezi 3 ilikuwa imerudi ilipoanzia. Mwaka 2018 Joel Wong na wenzake wa Chuo Kikuu cha Indiana walieleza habari za watu karibu 300 waliokuwa wakitafuta ushauri nasaha. Kundi lililoandika barua za shukrani lilikuwa na afya bora ya akili wiki 4 baadaye na hata wiki 12 baadaye, ilhali hakuna aliyelazimishwa kutuma. Waliotuma hawakufika hata robo ya waandishi, na wale waliobaki na barua zao walinufaika vilevile.

Nalichukua tokeo hili la pili kwa uzito mkubwa, kwa sababu linamwondolea mwandishi kisingizio. Kama nafuu yake mwenyewe ameshaipata mezani, kalamu ikiwa bado mkononi, basi kutuma lazima kuwe kwa ajili ya yule anayepokea. Na kuhusu mpokeaji tuna ushahidi mwingine: katika mwaka huohuo wa 2018 Amit Kumar na Nicholas Epley walionyesha kwamba waandishi wa barua za shukrani hukosea wanapobashiri. Hudhani mpokeaji ataona haya kuliko anavyoona kweli, na hudhani atafurahi kidogo kuliko anavyofurahi kweli. Huhangaikia ufasaha wa maneno, ilhali mpokeaji hutazama zaidi upendo uliomo. Kwa hiyo hofu ya kawaida, ile ya kusema nitaonekana wa ajabu baada ya miaka yote hii, si sababu ya kutosha ya kuifungia barua kabatini. Zipo sababu nyingine zinazotosha, nazo huonekana tu tunapoliangalia jambo lenyewe kwa undani.

Naeleza langu. Mwaka 2006 nilichaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika shule ya bweni ya serikali. Ada ilikuwa shilingi 70,000 kwa mwaka, na fomu ya kujiunga ilidai pia godoro, tranka, shuka, sare, ndoo na jembe. Baba alikuwa ameshafariki, na baba mdogo alisema wazi kwamba hana uwezo. Mwalimu wetu wa hisabati wa darasa la saba aliniita baada ya vipindi, akafungua fundo la kanga yake na kunipa shilingi 35,000 za muhula wa kwanza, kisha Jumamosi akaniletea tranka lililokwisha tumika ambalo alikuwa amelipaka rangi upya. Kuhusu fedha aliniambia nisimweleze mtu. Miaka mingi baadaye mwalimu mwenzake alinieleza kwamba zilitoka kwenye upatu. Ilikuwa zamu yake ya kupokea, na mumewe alijua kwamba zamu hiyo ingenunua mabati ya nyumba waliyokuwa wakiijenga.

Leo mwalimu amestaafu na mumewe yu hai. Macho ya mwalimu yana mtoto wa jicho, na mjukuu ndiye anayemsomea ujumbe unaoingia kwenye simu. Barua kamili, yenye fundo la kanga, kiasi cha fedha na mabati ambayo hayakununuliwa, ingesomwa kwa sauti sebuleni na kijana wa sekondari, babu akiwa amekaa hapohapo. Huenda mzee angecheka. Huenda pia angejua kwa mara ya kwanza kwa nini familia yake ilipitisha masika nyingine katika nyumba ya kupanga, na angejua kutoka kwa mtu wa nje, kwa maandishi, kutoka kinywani mwa mjukuu wake. Mimi sina haki ya kulifungua jambo ambalo mwalimu aliniomba nilifunge, hata kama nia yangu ni kumsifu kwalo.

Hata hivyo sikukubali kwamba njia pekee ni kunyamaza. Barua kamili niliiandika na kubaki nayo. Ya pili niliijenga juu ya yale yaliyofanyika mbele ya watu: tranka, ambalo mtaa mzima uliliona, na masomo ya jioni ya visehemu na uwiano ambayo hayakumsaidia mwanafunzi mmoja tu. Nilijizuia kuongeza maneno kama "na yale mengine unayoyajua mwenyewe", ambayo huonekana ya busara lakini ni hatari kuliko kusema wazi, maana yeyote anayesikiliza atauliza ni mengine yapi, na mwalimu ndiye atakayebaki akijibu.

Katika kuandika, naona mambo mawili ambayo barua nyingi nilizoonyeshwa na marafiki huyakosa. Kwanza, barua isiyotarajiwa humtia mzee wasiwasi. Kwa mazoea yetu salamu hutangulia, hali huulizwa, na shida huja mwishoni. Kwa hiyo msomaji aliyezoea barua zetu huzipitia sifa haraka haraka akitafuta msiba au ombi la fedha. Tena kadiri sifa zinavyokuwa nyingi ndivyo anavyozidi kuamini kwamba ombi linakuja. Dawa yake ni kuweka mara tu baada ya "Shikamoo Mwalimu" sentensi kama hii: "Siandiki kuleta habari mbaya wala kuomba kitu; naandika kukushukuru kwa jambo ulilonifanyia nilipomaliza darasa la saba." Baada ya hapo anaweza kusikiliza kwa utulivu.

Pili, sifa za jumla hazimfikii mtu. Ukiandika "wewe ni mzazi wangu, bila wewe nisingekuwa chochote", unamtwisha mzigo wa maisha yako yote, na wala humwambii lolote asilolijua. Mpe jambo ambalo hangeweza kuliona kutoka alipokuwa. Mimi nilimwandikia kwamba tranka lile lilikuwa na kufuli imara, na kwamba katika bweni ambalo sukari na daftari vilikuwa vikiibwa, nilisoma miaka minne bila kupoteza hata daftari moja. Kwamba siku ya mtihani wa kidato cha pili nilikokotoa swali la uwiano kwa njia yake ya kuchora mistari. Na kwamba njia hiyohiyo ninaitumia sasa ninapopima mchanganyiko wa zege kazini. Ukurasa mmoja unatosha kwa mambo hayo, na kwa macho ya mzee herufi ziwe kubwa na wino uwe mweusi, ili akitaka kujaribu kusoma peke yake asishindwe.

Njia ya kufikisha huamua mengi kuliko maneno. Ujumbe wa Watsapu ningeuacha kabisa, kwa kuwa simu ya mzee mara nyingi inashikwa na wengine, na ujumbe mzuri hupelekwa kwenye kundi la familia kabla mwenyewe hajaumaliza; ukishafika huko, wewe na yeye hamna tena uwezo wa kuuzuia. Barua ya posta ina tatizo lake. Walimu wengi walitumia sanduku la barua la shule, na aliyestaafu hana mkono tena kwenye sanduku hilo, hivyo bahasha inaweza kufunguliwa na yeyote au kukaa ofisini bila kufunguliwa. Kupeleka kwa mkono ni bora, ingawa kusoma kwa sauti mbele ya mpokeaji, kama walivyofanya baadhi ya waliofuata zoezi la Seligman, kwetu kunahitaji tahadhari. Nyumba yenye mgeni hujaa watu, majirani huingia, na jambo la watu wawili hugeuka hafla ambayo mwenye kusifiwa hakuiomba.

Nilikwenda mchana, nikiwa na sukari, majani ya chai na doti ya kanga kama mgeni yeyote, na sikubeba fedha. Hapo nina msimamo mkali: bahasha moja isichanganye shukrani na noti. Ukiweka shilingi 35,000, umelipa deni ambalo hakuwahi kukudai. Ukiweka milioni, umemfanya ajiulize kama alikusaidia au aliwekeza. Mstaafu anaweza kuwa na shida ya kweli ya fedha, na ukiweza kumsaidia msaidie, lakini iwe siku nyingine, bila karatasi yoyote inayokumbusha zamani. Barua nilimpa mkononi wakati wa kuondoka. Aliponisindikiza hadi barabarani, tukiwa wawili, nilimwambia kwa mdomo yale niliyoyaacha nje ya karatasi. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Hilo tuliache hapahapa, mwanangu."

Zipo barua ambazo nisingezituma kabisa. Aliyekusaidia akiwa leo ndiye mkuu wako wa kazi au mtu anayeweza kukupa zabuni, sifa zako haziwezi kusomeka kwa usafi, kwa hiyo subiri uhusiano huo uishe. Kama mtu huyohuyo alikutendea wema na pia alikuumiza, au alimuumiza ndugu yako, barua ya shukrani inaweza kupokelewa kama hati ya kumsafisha na hata kuonyeshwa kwa wengine, na hapo barua isiyotumwa inakutosha wewe bila kumdhulumu mwingine. Na kama ndani yako unajua kwamba unachotaka hasa ni jibu, yaani akuambie kwamba anajivunia wewe, iache mezani hadi haja hiyo ipungue.

Maana ukishatuma, ukimya unawezekana, na wazee wengi hawaandiki majibu. Mwishoni mwa barua niliweka kwamba hana haja ya kujibu. Kwa aliyetuma kupitia mtu, ni halali kumuuliza mjumbe kama bahasha ilifika mikononi mwake mwenyewe, kwa sababu bahasha hupotea kweli. Kumuuliza alisema nini, au uso wake ulikuwaje alipokuwa akisomewa, nisingemruhusu mtu yeyote kufanya hivyo kwa niaba yangu.