Kitabu cha 1863 Hakikuuleta Mpira Tunaoucheza

Kila ifikapo mwishoni mwa Oktoba, kurasa za michezo huutakia mpira wa miguu heri ya siku ya kuzaliwa. Tarehe 26 Oktoba 1863, wawakilishi wa klabu na shule kadhaa za London na vitongoji vyake walikutana kwenye tavani ya Freemasons na kuunda Chama cha Soka cha Uingereza. Vikao vilivyofuata vikazaa sheria 13, na hapo ndipo simulizi nyingi huishia, kana kwamba kilichobaki ni mabaharia kupakia kitabu kwenye meli na kukigawa kila bandari.

Mimi nadhani tunakipa kitabu kile sifa isiyo yake. Soma sheria zenyewe, kisha jaribu kuwapanga watu uwanjani wacheze kwa kuzifuata. Utaona mchezo ambao hakuna mtoto wa chandimu angeutambua.

Goli lilikuwa nguzo mbili tu, zimeachana yadi 8, kama mita 7 na kidogo. Upana huo haujabadilika hadi leo. Lakini juu hapakuwa na kitu, si mtambaa panya wala kamba, na sheria ya 4 ilisema wazi kwamba mpira ukipita katikati ya nguzo ni goli hata ukiwa juu kiasi gani. Baada ya kila goli timu zilibadilishana upande. Kipa hakutajwa popote. Idadi ya wachezaji haikutajwa, wala dakika, wala mwamuzi. Mchezaji yeyote aliruhusiwa kuudaka mpira uliopigwa, na akiudaka safi huku akiweka alama ardhini kwa kisigino, alipewa mpigo huru.

Sheria ya 6 ndiyo iliyoubana mchezo wote. Mwenzako akipiga mpira, wewe uliye mbele yake, karibu zaidi na lango la adui, huruhusiwi kuugusa wala kumzuia mtu. Yaani umeotea kwa kusimama mbele ya mpira tu, hata kama mabeki kumi wako kati yako na lango. Pasi ya kwenda mbele ikawa haina maana. Kilichobaki ni mtu mmoja kuchukua mpira na kukokota hadi anyang'anywe, wenzake wakimfuata nyuma kwa kundi ili ukimponyoka wauchukue wao.

Sheria ya 7 ni ya kushangaza zaidi. Mpira ukivuka mstari wa goli nje ya nguzo, mshambuliaji akiwahi kuugusa kabla ya mlinzi, alirudi uwanjani yadi 15, usawa wa pale alipougusa, akapiga bure kulenga goli, wapinzani wakisubiri nyuma ya mstari wao. Anayefuatilia raga ameshatambua anachosoma.

Ugomvi uliokaribia kukivunja chama kabla hakijaanza ulihusu mambo mawili: kukimbia na mpira mkononi, na kumpiga mtu mateke ya ugoko. Rasimu ya kwanza, aliyoiandaa katibu Ebenezer Cobb Morley, mwanasheria wa klabu ya Barnes, ilikuwa imeruhusu yote mawili. Desemba yalipofutwa kwa kura, Francis Campbell wa Blackheath alikasirika. Alisema kuondoa mateke ni kuondoa ujasiri wa mchezo, na kwamba angeweza kuleta Wafaransa wakawafunga baada ya mazoezi ya wiki moja. Klabu yake ikajitoa. (Hao Wafaransa, kama tunavyojua, walikuja kuchukua Kombe la Dunia mara mbili.)

Mechi ya kwanza kwa sheria hizo ilichezwa tarehe 19 Desemba 1863, Barnes dhidi ya Richmond, watu 15 kila upande. Matokeo ni sare ya bila kufungana. Kinachonivutia hapo ni Richmond wenyewe, kwa sababu chama cha raga kilipoanzishwa mwaka 1871, wao na Blackheath walikuwa miongoni mwa waanzilishi. Klabu moja kati ya mbili zilizouzindua mchezo ilikuwa imeshauhama. Chama chenyewe kilidhoofika kiasi kwamba mwanzoni mwa 1867 wachache waliofika mkutanoni walijadili kama kuna haja ya kuendelea nacho.

Walioleta uhai mpya walitoka Sheffield, mji wa viwanda vya chuma, mbali na London. Klabu ya Sheffield ilianzishwa 1857 na Nathaniel Creswick na William Prest, na ilikuwa na kitabu chake cha sheria tangu 1858, miaka mitano kabla ya London. Kitabu cha kwanza cha Sheffield hakikuwa na sheria ya kuotea kabisa. Mtu angeweza kujikalia karibu na lango la wapinzani akisubiri pasi. London na Sheffield walianza kukutana uwanjani mwaka 1866, na wakaendelea kucheza kwa miaka, mara kwa sheria za hawa, mara kwa sheria za wale, kila upande ukiona kwa macho yake mwenzake ana nini.

Mabadiliko yakaanza kuingia kidogo kidogo. Mwaka 1866 London walilegeza kuotea: sasa uliruhusiwa kuwa mbele ya mpira ilimradi wapinzani watatu wako kati yako na mstari wa goli. Pasi ya mbele ikaingia kwenye kitabu cha London hapo, na kwangu hii ni siku kubwa kuliko ile ya Oktoba 1863. Mwaka huohuo kamba ikafungwa kati ya nguzo, futi 8 kutoka ardhini, na ule mpigo huru wa kudaka ukafutwa. Mwaka 1870 mikono ikakatazwa kwa wote, na 1871 kipa akatajwa kwa mara ya kwanza kama mtu mmoja mwenye ruhusa ya kuitumia. Kona waliichukua kutoka Sheffield mwaka 1872. Hatimaye 1877 pande mbili zikakubaliana kitabu kimoja.

Sasa tazama kilichotokea kitabu kilipovuka bahari, maana ndipo hoja yangu inaposimama. Mwaka 1867 Thomas Hogg na wenzake walianzisha klabu Buenos Aires, na mwezi Juni wakacheza mechi ya kwanza huko Palermo, watu wanane kila upande. Mbegu imepandwa mapema, lakini haikushika. Baada ya miaka michache klabu hiyo ikawa ya raga. Ujerumani, mwalimu Konrad Koch wa Braunschweig aliwapa wanafunzi wake mpira mwaka 1874, na sheria alizoziandika mwaka uliofuata ziliruhusu kubeba mpira mikononi. Wote hawa waliuchukua mchezo wakati kitabu bado hakijaiva, kikielea kati ya soka na raga, nao wakaelea nacho.

Linganisha na waliokuja baadaye. Mskoti Alexander Watson Hutton alifika Buenos Aires miaka ya 1880, akafundisha mpira shuleni kwake, na ligi aliyoiasisi mwaka 1893 ndiyo mzizi wa chama cha soka cha Ajentina. Charles Miller alirudi São Paulo mwaka 1894 akitoka kusoma Uingereza, akiwa na mipira miwili na kitabu cha sheria, na Aprili 1895 timu ya shirika la reli iliifunga ile ya kampuni ya gesi 4-2. Kwetu pia ni kipindi hichohicho: mwishoni mwa karne ya 19, Unguja, vijana wa shule ya misheni ya Kiungani walikuwa wanaucheza, na wafanyakazi Waingereza wa kampuni ya simu za baharini nao walikuwa na timu yao. Waliopokea mpira wakati huu hawakuurudisha kwenye raga. Wakati na watu vilichangia, sikatai. Reli, bandari na shule za misheni zilikuwa nyingi zaidi miaka ya 1890. Lakini kitabu alichofika nacho Miller kilikuwa na pasi ya mbele, kona, mtambaa panya, kipa, na kitu kipya kabisa kilichoitwa penalti.

Hiyo penalti nayo haikutoka London. Aliyeibuni ni William McCrum, kipa wa klabu ya Milford, kijiji cha viwanda vya kitani huko Armagh, Ayalandi. Aliona mabeki wakimwangusha mtu makusudi karibu na lango kwa sababu adhabu yake, mpigo wa kawaida, ilikuwa nafuu kuliko goli. Chama cha Ayalandi kilipeleka pendekezo hilo mwaka 1890 kwenye bodi ya sheria, likapokelewa kwa dharau. Waungwana wa Uingereza walilichukulia kama tusi: vipi kitabu kidhani kwamba mchezaji muungwana anaweza kufanya rafu kwa makusudi?

Jibu walilipata Februari 1891, robo fainali ya Kombe la FA, Stoke dhidi ya Notts County. Stoke wako nyuma 1-0, mpira unaingia golini, beki wa Notts anaupiga ngumi kwenye mstari. Mwamuzi alitoa alichoruhusiwa na kitabu, yaani mpira wa adhabu hapohapo, sentimita chache kutoka mstarini. Wapinzani wakauziba mpira usiingie, na mechi ikaisha 1-0. Rafu ile ikawa imelipa mbele ya watu wote. Tarehe 2 Juni mwaka huo, huko Glasgow, bodi ikaipitisha penalti. Ya mwanzo ilipigwa kutoka popote kwenye mstari wa yadi 12, na kipa aliruhusiwa kusogea mbele hadi yadi 6.

Bodi hiyo ya sheria, iliyokaa kwa mara ya kwanza mwaka 1886, ilikuwa ya vyama vinne tu: Uingereza, Uskoti, Welisi na Ayalandi. FIFA, iliyoundwa Paris mwaka 1904, ilikaribishwa mwaka 1913. Leo kura ni nane. Vyama vinne vya visiwa vile, Ayalandi ikiwa sasa ni Ayalandi ya Kaskazini, vina kura moja moja, na FIFA, kwa niaba ya dunia nzima iliyobaki, ina nne. Sheria haibadiliki bila kura sita.

Watetezi wa mpangilio huu husema ndio walioanzisha, waachiwe. Lakini kitabu walichoanza nacho ni kile cha sheria ya 7 na goli lisilo na juu, na kilikaribia kuzikwa nao wenyewe mwaka 1867. Mengi ya kilichosalia yalitoka Sheffield na Milford, sehemu zilizo mbali na tavani ile ya London. Mimi ningewaachia vile visiwa kura mbili, na mbili nyingine ziende kwa mashirikisho ya mabara kwa zamu, kuanzia na Afrika na Amerika Kusini, waweze kupinga au kupitisha kwa jina lao badala ya kusemewa na FIFA.