Dola 2,000 za nani? Swali la kumwandikia rikruta kabla ya usaili

Tangazo linasema: kuhudumia wateja, kampuni ya Marekani, unafanyia kazi nyumbani, dola 2,000 kwa mwezi. Mwombaji yuko Nakuru. Ametuma wasifu wake, na rikruta amejibu kwamba wangependa waongee naye Jumanne. Hapa ndipo wengi hunyamaza, wakihofia kuonekana wanakimbilia hela kabla ya kazi. Kwangu mimi hapa ndipo pa kuuliza, kwa sababu bado hamjakubaliana kiwango na kubadilisha mawazo hakujamgharimu mtu chochote. Zile dola 2,000 bado hazijasema ni za nani wala ni kabla ya makato gani.

Tuanze na aina ya mkataba, maana ndiyo inayozua kutoelewana kwingi. Mtu wa Nakuru au Dodoma akisikia kazi ni ya mkataba, anafikiria ajira ya muda maalumu: mwaka mmoja au miwili, lakini yeye ni mwajiriwa, ana likizo na anakatwa NSSF. Mmarekani akiandika neno `contract` kwenye tangazo, mara nyingi ana maana tofauti kabisa: wewe ni kontrakta, yaani biashara ya mtu mmoja inayomuuzia huduma. Hakuna likizo ya kulipwa isipokuwa iliyoandikwa, hakuna bima, na kifungu cha kuachana kinaweza kuwa siku saba. Mwajiriwa wa mshahara wa mwezi, Kenya na Tanzania pia, sheria inampa notisi ya siku 28. Kwa hiyo ukiuliza tu kama kazi ni ya mkataba, utajibiwa ndiyo, nyote wawili mtaridhika, na kila mtu ataondoka na picha yake kichwani.

Swali zuri ni hili: upande wa pili wa karatasi litaandikwa jina la kampuni gani? Kampuni ya kigeni isiyo na ofisi Kenya ina njia mbili za kawaida. Inaweza kukuchukua kama kontrakta na jina lake lenyewe likawa kwenye mkataba. Au inaweza kupitia mwajiri wa niaba, ambaye kwenye skrini utamwona kama `EOR`: kampuni iliyosajiliwa nchini mwako inayokuajiri kisheria, inakukata kodi na kukulipa, huku kazi na maagizo vikitoka Marekani. Jambo linalowapita wengi ni kwamba majukwaa ya kulipia wafanyakazi wa nchi nyingine, kama Deel na Remote, yanafanya zote mbili. Rikruta akikuambia tutakulipa kupitia Deel, hajajibu swali lako. Amekutajia bomba tu, hajakwambia kinachopita ndani yake.

Sasa tuzipime zile dola 2,000. Tuchukue dola moja kwa shilingi 129 za Kenya, tupate 258,000. Kama ni mshahara ghafi chini ya mwajiri wa niaba, kwa viwango vya 2025 anakatwa NSSF 4,320, bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75 ambayo ni 7,095, na tozo ya nyumba asilimia 1.5 ambayo ni 3,870. Kinachobaki kinatozwa PAYE, na baada ya nafuu ya 2,400 kodi inakuja kama 65,200. Mkononi zinabaki takriban 177,500.

Ila inawezekana kampuni ilipoandika dola 2,000 ilikuwa inahesabu gharama yake yote, si mshahara wako. Mwajiri wa niaba hutoza ada ya kila mwezi, mara nyingi dola mia kadhaa. Tuseme ni 500. Zimebaki dola 1,500, yaani shilingi 193,500, na humo bado mwajiri anapaswa kutoa NSSF ya upande wake na asilimia 1.5 yake ya nyumba. Mshahara ghafi unashuka hadi kama 186,000, na makato yako ndiyo kwanza yaanze. Tangazo ni lile lile.

Kontrakta naye hupokea dola 2,000 kamili, na ndiyo maana njia hii inavutia. Lakini mamlaka ya kodi, KRA, haijasahau. Mkazi wa Kenya analipia kodi mapato hayo mwenyewe kupitia iTax, na ritani ya mwaka inatakiwa kufikia tarehe 30 Juni. Anayelinganisha 258,000 za kontrakta na 177,500 za mwajiriwa analinganisha fedha ambazo hazijalipiwa kodi na fedha zilizokwisha kulipiwa.

Sarafu nayo si swali moja. Kuna sarafu ambayo kiwango kimeandikwa kwenye mkataba, na kuna sarafu inayoingia benki. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 17, inataka mshahara wa mwajiriwa ulipwe kwa sarafu ya Kenya, kwa hiyo ukiwa chini ya mwajiri wa niaba tegemea shilingi. La kuuliza ni kama hizo shilingi zimefungwa siku ya kusaini, au zinahesabiwa upya kila mwezi kutoka kwenye dola, na kwa bei ya siku gani. Usidhani dola ndiyo kinga kila wakati. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160; miezi michache baadaye ilikuwa karibu 130. Aliyesaini dola 2,000 akiona 320,000 alijikuta na 260,000 na kodi ya nyumba ile ile. Aliyefunga shilingi mwezi ule alipona, japo mwaka mmoja nyuma yeye ndiye angelia.

Barua yenyewe utaiandika kwa Kiingereza, ila ikae hivi:

"Habari, asante kwa mwaliko wa Jumanne, nitakuwepo. Kabla hatujaongea naomba unisaidie mambo mawili. Kama yako kwa watu wa fedha, nitashukuru ukiwapelekea ujumbe huu kama ulivyo.

Kwanza, ninaishi Kenya na ninalipa kodi Kenya. Je, nitaajiriwa kupitia mwajiri aliyesajiliwa hapa, au nitakuwa kontrakta wa kampuni moja kwa moja? Mkataba utakuwa kati yangu na kampuni gani?

Pili, zile dola 2,000 za kwenye tangazo ni malipo yangu kabla ya makato, au ni gharama yote ya kampuni? Kiwango kitaandikwa kwa dola au kwa shilingi, na kitalipwa kwa sarafu gani?

Naweza kufanya kazi kwa utaratibu wowote kati ya hiyo. Nauliza ili kiwango nitakachokitaja kiwe sahihi."

Sentensi ya kuwapelekea watu wa fedha ndiyo ninayoipenda zaidi. Rikruta kazi yake ni kutafuta watu, wala mara nyingi hajui mishahara inalipwaje. Ukimbana ajibu mwenyewe atakuandikia tu kwamba malipo ni mazuri na ni ya dola. Ukimpa ujumbe unaoweza kupelekwa mbele bila kurekebishwa, unamfikia anayejua. Na maswali makuu yana majibu mawili ya kuchagua, kwa sababu swali la wazi huzaa jibu la jumla. Sentensi ya mwisho inamwonyesha kwamba huweki masharti. Pia inakuachia nafasi ya kutaja bei mbili tofauti, moja ya kontrakta na moja ya mwajiriwa, na hilo ni haki yako kabisa.

Akijibu kwamba hayo yatazungumzwa wakati wa ofa, nenda kwenye mazungumzo, lakini usitaje kiwango chochote. Ukibanwa, sema kinategemea aina ya mkataba. Baada ya simu rudia maswali kwa maandishi, na uyarudie kabla hujakubali kazi ya majaribio ya saa sita isiyolipwa. Akijibu kwamba sarafu ni chaguo lako, basi yaelekea ni ukontrakta, lakini hakikisha. Na ukiletewa fomu ya kodi ya Marekani ya `W-9`, simama hapo hapo. Hiyo ni ya raia na wakazi wa kikodi wa Marekani, na unaisaini chini ya kiapo. Mtu wa Nakuru anayefanyia kazi yake Nakuru hujaza `W-8BEN`, na kazi iliyofanyika nje ya Marekani kwa kawaida haikatwi kodi ya huko. Wanaokutumia `W-9` huenda si matapeli. Pengine ni mara yao ya kwanza kumlipa mtu wa nje, na hapo ujiandae kuwafundisha na mengine.

Ukishathibitisha kwamba ni ukontrakta kwa dola kupitia benki, zimebaki barua moja fupi na swali moja: ada za kutuma nani atazibeba? Katika malipo ya SWIFT, mtandao wa benki wa kutuma pesa nje, mtumaji huchagua `OUR`, yaani azilipe yeye, au `SHA`, mgawane. Kwa `SHA`, benki za katikati zinaweza kuchota ada yao humo humo, na ankara ya dola 2,000 ikaingia 1,970. Omba mkataba useme kiasi cha ankara kifike kamili. Nawe pokea kwenye akaunti ya dola, hata kama utazibadilisha siku hiyo hiyo. Kwenye akaunti ya shilingi benki inabadilisha kwa bei yake kabla hujaona chochote, na pesa zikipungua huwezi kujua kama ni ada ya njiani au ni bei ya kubadilishia. Kwenye akaunti ya dola utaona 1,970 wazi, utaomba benki nakala ya ujumbe wa malipo, na utaona ni `SHA`.

Kwenye rasimu ya mkataba tafuta pia maneno `Net 30`. Maana yake kwa kawaida wana siku thelathini za kulipa tangu tarehe ya ankara. Ukianza kazi tarehe 1 Machi na kutuma ankara tarehe 31, hela ya kwanza inaweza kuingia tarehe 30 Aprili bila mtu yeyote kuchelewa. Omba `Net 7`, au ankara mbili kwa mwezi. Wakikataa, kodi ya nyumba ya Machi na Aprili itoke mfuko mwingine.