Hesabu mbao kabla ya kupatana bei

Wateja wengi hapa Mbeya wanaenda kwa fundi seremala na picha kwenye simu, wanauliza, "Hii shilingi ngapi?" Fundi anataja bei, wanavutana, wanapatana. Lakini picha haionyeshi urefu wa ukuta wala unene wa mbao, na ugomvi unakuja mbao zikipungua kazi ikiwa nusu. Mimi nasema mchoro kwanza, kisha hesabu ya mbao, bei mwisho.

Ukuta wangu una sentimita 180. Nilitaka shelfu tano za vitabu, kila moja ikinyooka kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, na kimo pia sentimita 180. Fundi alitazama mchoro akasema, "Dada, vitabu ni vizito. Hapa katikati patabonyea." Ana haki. Ubao wa paini wa inchi moja ukishapigwa randa hubaki na unene wa kama sentimita mbili, na ukiongeza nafasi kati ya nguzo mara mbili, huku vitabu vimejaa vilevile, kubonyea huongezeka mara 16.

Tukachora upya, tukaongeza nguzo mbili katikati. Nguzo nne zinakula sentimita 8, zinabaki 172, ukigawa kwa vyumba vitatu unapata 57 na kidogo. Ubao wa futi 12 una sentimita 366, kwa hiyo unatoa vipande sita vya namna hiyo. Vipande 15 vinahitaji mbao tatu, nguzo nne zinahitaji mbao mbili. Jumla mbao tano za inchi moja kwa kumi. Mchoro wa kwanza ungekula nne. Yaani uimara wote ule uligharimu ubao mmoja tu, na nisingelijua hilo kama tungepatana bei ya jumla. Tuliongeza mmoja wa akiba, kwa sababu ya vifundo na ncha zilizopasuka.

Jambo jingine la kuandika kwenye mchoro ni kwamba mbao ziwe kavu. Paini mbichi ni rahisi kupata huku kwetu, na inavutia kwa bei, lakini ubao wa inchi kumi ukikaukia ndani ya nyumba unaweza kupungua upana karibu sentimita moja, viungo vikaachia na ubao ukajikunja. Mbichi utaijua: nzito, baridi mkononi, na unga wake wa msumeno unashikana ukiufinya.

Vifaa tuliviandika mbali na ufundi: mbao, gundi, skrubu, msasa, vanishi, na usafiri. Tulienda kununua pamoja, nikalipa mwenyewe. Pesa ya ufundi niligawa mara mbili, nusu siku ya kuanza kukata, nusu baada ya shelfu kufungwa ukutani na kila moja kupimwa kwa pima maji.